Dakika Saba za Mwalimu wa Darasa

Hotuba yangu ya kwanza ya siku ya mwisho ilichukua dakika 50. Ilikuwa Ijumaa, mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulikuwa unaanza Jumatatu, nami nilikuwa mwalimu wa darasa kwa mara ya kwanza. Nikadhani kila jambo jema linalojulikana duniani kuhusu mitihani ni lazima litoke kinywani mwangu mchana ule. Nikagusa nidhamu, nikagusa jasho la wazazi, nikahimiza chai ya asubuhi na kalamu mbili za akiba, nikamalizia na maisha baada ya shule. Wanafunzi walinisikiliza kwa heshima zote. Jioni nilimkuta mmoja wao kituo cha daladala, nikamuuliza usiku ule ataanza na nini. Akasema, "Mwalimu, umetuambia tusome kwa bidii." Nikasubiri aendelee. Hakuwa na la kuendelea nalo.

Nimekuwa mwalimu wa darasa miaka mingi tangu siku ile, katika shule za kata ambako wengi wa wanafunzi hulala makwao. Hotuba yangu imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, kama sabuni ya kipande. Sasa imebaki dakika saba, na sehemu kubwa ya dakika hizo natumia kueleza karatasi moja ya manila niliyoibandika ukutani. Karatasi hiyo ndiyo mpango wetu wa pamoja wa kujisomea. Hotuba ni maelezo yake tu.

Kwa msomaji aliyemaliza shule zamani, nikumbushe hali ilivyo. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na huchukua zaidi ya wiki mbili. Karatasi za nadharia ni za saa tatu. Nyingine huanza saa 2:00 asubuhi, nyingine saa 8:00 mchana. Hivyo "siku ya mwisho kabla ya mtihani" ni jina lenye udanganyifu kidogo. Kwa Uraia, kama ndio unaofungua pazia, kweli zimebaki siku mbili. Kwa Kemia zinaweza kuwa zimebaki siku kumi na moja. Mwanafunzi mwenye hofu haoni tofauti hiyo. Yeye anaona mlima mmoja, na mlima mmoja hauna mahali pa kuanzia.

Hotuba yenyewe, jinsi nilivyoitoa mara ya mwisho, ilikuwa hivi:

"Wanangu, kaeni. Nina dakika saba, na kengele ikilia nitanyamaza hata kama sentensi haijaisha. Leo sifundishi kitu. Yaliyoingia kwa miaka minne yameingia. Kazi iliyobaki ni kuyatoa.

"Tazameni manila hii. Juu kabisa nimeandika siku ya mtihani wa kila somo, kama ilivyo kwenye ratiba ya taifa. Chini ya kila siku nimerudi nyuma nikahesabu: somo hili tutaligusa lini mara ya kwanza, na lini mara ya pili. Kila siku ina somo moja au mawili. Ukiona Kemia haipo kesho, hatujaisahau. Ina nafasi yake, na wewe usiisome kesho.

"Mmegawanyika watano watano, na majina yako pale. Kila mtu ana mada yake katika kila somo. Mtakutana hapa shuleni saa moja tu: kesho na keshokutwa saa 3:00 asubuhi, na siku za mitihani mara tu mtakapotoka kwenye karatasi na kunywa maji. Usiku ni wako. Anayeweza kusoma asome, asiyeweza asijilaumu, kwa maana mpango huu haukuhesabu usiku wa mtu yeyote.

"Sheria ni moja. Daftari linafungwa kwanza, mkono unaandika, ndipo mdomo unafunguka. Aliyekuja mikono mitupu tunamkaribisha, ila naye ataandika kabla ya kuongea.

"Mtu akikuletea habari kwamba mtihani umevuja, mwambie una kazi na uende zako.

"Leo kabla giza halijaingia, chukua karatasi moja, andika kila unachokumbuka juu ya mada yako ya kesho, bila kufungua chochote. Ukurasa mmoja. Penye shimo, acha shimo. Kesho njoo nalo."

Hapo kengele ililia. Kila sentensi katika maneno hayo ina historia yake, na baadhi ya historia hizo si za kujivunia.

Nianze na kurudi nyuma. Darasa nyingi nilizozipitia zilikuwa na ratiba ya kujisomea ambayo mtoto aliichora kwa rula: Jumatatu Hisabati, Jumanne Fizikia, na kuendelea mpaka Jumapili, kila somo kwa zamu yake, kana kwamba masomo ni ndugu wanaogawana urithi. Ratiba hiyo inafaa Februari. Novemba ni sumu, kwa sababu haijui karatasi inayokuja ni ipi. Nimewahi kumwona binti akisoma Fizikia Jumapili usiku kwa kuwa ratiba yake ilisema Jumapili ni Fizikia, na kesho yake asubuhi alikuwa na Uraia.

Tuseme Uraia ni Jumatatu asubuhi, Hisabati Jumanne asubuhi, Jiografia Jumatano, Biolojia Alhamisi, na Kemia ni Jumanne ya wiki ya pili. Mtu asiyerudi nyuma atasema: Jumamosi na Jumapili nasoma Uraia, Jumatatu mchana nasoma Hisabati. Inaonekana ni akili, lakini Hisabati haisomwi kama Uraia. Hisabati inakaa mkononi, na mkono unahitaji kuguswa, uachwe ulale, uguswe tena. Kwa hiyo kwenye manila Hisabati inaingia Jumamosi saa 3:00 asubuhi, inaachwa, kisha inarudi Jumatatu mara tu Uraia unapokwisha. Jiografia nayo inaguswa Jumamosi kwa muda mfupi, sehemu ya kusoma ramani tu, kwa sababu hapo napo ni mkono. Uraia wenyewe unachukua Jumapili. Kemia haionekani kabisa mpaka Ijumaa ya wiki ya kwanza, ambapo inapata siku nne, ikiwamo Jumamosi na Jumapili nzima.

Hilo la Kemia ndilo linalonigombanisha na wanafunzi kila mwaka. Wanaogopa kuiacha. Wengine huificha, wakaisoma chini ya dawati huku kundi likijadili Uraia. Nami nimejifunza kutowalaumu, ila kuwaonyesha kwa kidole: hapa, Ijumaa hii, Jumamosi hii, Jumapili hii. Hofu ya mtoto hutulia akiona somo lake limepewa siku yenye jina. Hotuba isiyotaja siku inaomba wanafunzi watulie bila kuwapa cha kushikilia.

Sasa sheria ya daftari kufungwa. Zamani niliamini kusoma ni kusoma: unapitia daftari mara tatu, mara nne, unapiga mstari, unakariri. Wanafunzi wetu huita kupiga msuli, na msuli wao mwingi ni wa macho. Kilichonibadilisha ni jaribio moja lililochapishwa mwaka 2006 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Walichukua wanafunzi 120 wa chuo kikuu, wakawapa vifungu vifupi vya kusoma, kimoja kuhusu jua na kingine kuhusu fisi-maji. Kila mwanafunzi alisoma kifungu kwa dakika saba. Kisha kwa kifungu kimoja alirudia kukisoma dakika saba nyingine, na kwa kingine aliondolewa maandishi, akapewa karatasi tupu aandike anachokumbuka.

Baada ya dakika tano walipimwa. Waliporudia kusoma walikumbuka asilimia 81 ya yaliyomo. Walipoandika kwa kumbukumbu, asilimia 75. Mtu angeishia hapo angesema daftari lisifungwe kamwe. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki moja, na hapo mambo yalipinduka: vifungu vilivyorudiwa kusomwa vilibaki asilimia 42, vile vilivyoandikwa kwa kumbukumbu vilibaki 56. Na kumbuka hawa wa karatasi tupu hawakusahihishwa wala kuonyeshwa majibu. Kule kujitafuta kichwani peke yake ndiko kulikolipa.

Jaribio hili nalipenda kwa sababu halimdharau mwanafunzi anayerudia kusoma. Linaeleza kwa nini anaipenda njia yake. Dakika tano baadaye inamjibu vizuri! Anafunga daftari akiwa na uhakika kwamba ameelewa, na kwa wakati ule ni kweli. Kosa lake liko kwenye tarehe. Asubuhi ya mtihani, nikiwaona wamesimama chini ya mwembe wakipitia fomula kwa macho mara ya mwisho, siwakatazi, maana karatasi iko umbali wa nusu saa. Ila kwa Kemia iliyo siku nne mbele, macho pekee ni kuchota maji kwa pakacha.

Kuandika kwa kumbukumbu kuna uchungu wake, na hapo ndipo mwalimu anapaswa kusema wazi mapema. Mtoto akiandika mistari minane kisha akakwama, anahisi amekuwa mjinga tangu jana. Ndiyo maana nasema "penye shimo, acha shimo." Shimo ndilo analokuja kulitafutia jibu kesho. Mwaka mmoja nilisahau kulisema hilo, na Jumamosi asubuhi robo ya darasa ilikuja na kurasa zilizojaa pomoni, zimenakiliwa kutoka daftarini kwa mwandiko mzuri. Hazikuwa na faida yoyote. Ukurasa wa kweli unautambua haraka: una mafuta ya kidole, umefutwafutwa, na katikati kuna nafasi nyeupe.

Tuje kwenye neno "pamoja", maana ndilo lenye mitego mingi. Vikundi vya majadiliano, diskasheni kama wenyewe wanavyoviita, havikuanzishwa na mimi. Viko kila shule na vingi vinakufa kwa ugonjwa mmoja. Mwerevu anashika chaki, anasimama ubaoni, anafundisha. Wenzake wanne wanatikisa vichwa. Saa moja inapita, mwerevu amejifunza sana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akijitafuta kichwani, na wanne wamesikiliza hotuba nyingine. Ukitaka kujua kundi limeugua, usisikilize kelele zake. Pita nyuma utazame karatasi. Kama ni mkono mmoja tu ulioandika, hapo kuna darasa dogo lenye mwalimu asiyelipwa.

Saa moja ya kundi letu tuliigawa hivi. Kila mmoja anakuja na maswali mawili ya mada yake, aliyoyatoa kwenye pasti pepa, na majibu yake nyuma ya karatasi. Maswali kumi yanawekwa katikati. Dakika 25 za kwanza hakuna anayeongea. Kila mtu anachagua maswali matano yasiyo yake, anaandika. Dakika 25 zinazofuata wanabishana, na mwerevu anasema wa mwisho. Hilo la wa mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mwaka wa kwanza niliwapa kizibo cha soda: akishika kizibo haruhusiwi kuongea mpaka wengine wanne wameshasema. Walicheka, lakini walikitumia. Dakika kumi zilizobaki kila mmoja anarudi kwenye ukurasa wake wa jana na kujaza mashimo kwa kalamu ya rangi nyingine.

Mtego wa pili ni kukubaliana kwenye kosa. Kundi moja lilikuwa na swali la ramani: kati ya skeli ya 1:50,000 na ya 1:250,000, ipi ni kubwa? Wote watano wakasema 1:250,000, kwa hoja kwamba 250,000 ni namba kubwa. Hakukuwa na ubishi hata kidogo, na ubishi ndio ambao ungewaokoa. Ukweli ni kinyume. Namba ile ni kigawanyo: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo kitu kinavyochorwa kidogo. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita, kwa hiyo barabara ya sentimita nane ni kilomita nne. Kwenye ile nyingine sentimita zile zile nane ni kilomita 20. Kijiji kinachoonekana na nyumba zake kwenye ya kwanza ni nukta kwenye ya pili. Nililiona kosa hilo kwa bahati tu, nikipita.

Tangu hapo kwenye manila kuna bahasha. Swali ambalo kundi limebishana likashindwa linaingia humo, na pia lile ambalo wote wamekubaliana lakini hakuna aliyeweza kuonyesha jibu lake kitabuni. Walimu wa masomo waliniahidi nusu saa Jumamosi na nusu saa baada ya kila karatasi. Wengine walitimiza, wengine hawakutimiza. Na ni afadhali mwalimu wa darasa amuulize mwenzake kabla hajamwandika ukutani, maana mimi niliwahi kuandika bila kuuliza na nikaambiwa maneno.

Kuna jambo jingine ambalo kwa shule zetu za Tanzania halikwepeki, nalo ni lugha. Mtihani, ukiacha Kiswahili na masomo machache, unaandikwa kwa Kiingereza. Diskasheni inafanyika kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hakuna anayebishana vizuri kwa lugha anayoiogopa. Lakini nimesimama nyuma ya kijana aliyeeleza osmosisi kwa Kiswahili kitamu, maji yanavyopita, utando unavyochuja, mfano wa zabibu kavu ndani ya kikombe, kisha akaandika nusu sentensi ya Kiingereza na kuacha. Alichonacho kichwani hakikuwa na mlango wa kutokea. Kwa hiyo kanuni yetu ikawa: bishaneni kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiingereza, na kila jibu liwe sentensi nzima yenye kitenzi. Sentensi fupi inatosha. Msahihishaji hapimi ufasaha katika Biolojia, lakini hawezi kutoa alama kwa wazo lililobaki mdomoni.

Kwa nini saa moja tu, na kwa nini shuleni? Hapa namshukuru binti mmoja ambaye mama yake alikuwa mama ntilie karibu na stendi. Mpango wangu wa miaka ya mwanzo ulikuwa na saa tatu za kila usiku, kuanzia saa 2:00 mpaka saa 5:00. Niliutangaza kwa mbwembwe. Baada ya hotuba alinifuata ofisini, akanipa shikamoo, akasimama kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nikifika nyumbani si mwanafunzi tena." Saa 2:00 usiku ndiyo wakati wateja wanakula wali, na yeye ndiye anayeosha sahani. Mpango wangu wa pamoja ulikuwa umemwacha nje kabla haujaanza, pamoja na wasio na umeme, wanaolala chumba kimoja na wadogo zao watano, na wanaotembea mwendo mrefu kurudi nyumbani.

Nikaona kwamba mpango wa darasa unapimwa kwa mtu mwenye muda mfupi kuliko wote. Ukimtosha yeye, wengine utawatosha. Mwenye taa na meza atasoma zaidi kwa hiari yake, hakuna anayemkataza. Ila kile ambacho darasa zima linaahidiana lazima kiwe kitu ambacho muosha sahani anaweza kukifanya bila kusema uongo. Kikabaki kipande kidogo: ukurasa mmoja wa kumbukumbu kabla ya giza, na saa moja ya kundi mchana. Kuhusu kukesha siwahubirii sana. Nawaambia tu kwamba karatasi ya saa tatu inahitaji mtu aliye macho mpaka swali la mwisho, na anayelala kuanzia saa 4:00 usiku anaamka akiwa na mengi zaidi ya yule aliyeongeza sura mbili.

Hisabati inastahili aya zake, kwa kuwa ndilo somo ambalo mtoto anaingia nalo siku ya mwisho akiwa ameshajihukumu. Kwenye mtihani wa moko kijana mmoja alipata alama 22. Chini ya 30 ni F. Kwa jinsi madaraja yanavyohesabiwa, A ni pointi moja na F ni tano, na zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi chache zikiwa ndizo bora. Kijana huyu alikuwa anafanya masomo saba tu, hivyo Hisabati hakuwa na pa kuificha. Mpango wake mwenyewe ulikuwa kutumia Jumamosi nzima kujifunza mada ambayo hajawahi kuielewa, trigonometria, ili angalau apate kitu.

Nilimwambia alete karatasi yake ya moko. Tulikaa na mwalimu wa Hisabati, tukatafuta kitu kimoja: maswali aliyoyaanza vizuri na kuyaharibu njiani. Kwenye takwimu alichora jedwali sawasawa, kisha hakujumlisha marudio, kwa hiyo wastani ukawa wa kubahatisha. Kwenye matriksi alijua njia yote ila alisahau kubadili alama ya kutoa mahali pamoja. Kwenye seti alichora duara mbili zikapishana, akaandika idadi zote, kisha hakujibu swali lililoulizwa. Tukahesabu alama zilizodondoka mahali alipokuwa anapajua: zilikuwa 11. Ishirini na mbili na kumi na moja ni 33. D ilikuwa tayari ndani ya karatasi ile ile, bila mada mpya hata moja.

Kulikuwa na jingine tuliloliona kwa saa. Karatasi ya Hisabati ina maswali 14: kumi ya alama sita, manne ya alama kumi, na yote yanajibiwa kwa dakika 180. Ukigawanya, swali la alama sita linastahili kama dakika 11, la alama kumi dakika 18. Kijana alikumbuka kwamba swali moja la trigonometria lilimla karibu dakika 40, na ndiyo maana maswali mawili ya mwisho, moja la takwimu, aliyafanya mbiombio. Kwa hiyo Jumamosi yake haikuwa na trigonometria. Alifanya maswali sita ya takwimu, matriksi na seti, kila moja kwa saa ya mkononi iliyowekwa mezani, na dakika zikiisha anahama hata kama kalamu bado ina hamu. Jumatatu mchana alirudia matatu kati ya hayo bila kutazama ya Jumamosi. Alipata D. Haikumfanya mhandisi, ila kwa mtoto aliyekuwa akihesabu pointi zake kwa vidole, nne badala ya tano ilikuwa habari kubwa.

Ile sentensi ya mtihani kuvuja nimeiweka fupi makusudi. Kila mwaka, usiku wa kuamkia karatasi, huzuka karatasi ya maswali inayotoka "kwa mtu wa uhakika". Adhabu inajulikana: anayekamatwa anafutiwa matokeo. Lakini mimi siwatishi kwa hilo, kwa sababu anayeamini hatakamatwa hasikii. Ninachokiona darasani ni hasara ya kawaida zaidi. Kundi zima huacha mada zake tano, hukaa usiku kucha na maswali manane ya uongo, na asubuhi huingia likiwa halijalala na limekasirika. Wenyewe wanayaita feki, na wanayafuata hivyo hivyo. Nikiielezea sana habari hiyo, naitangaza. Ndiyo maana naipa pumzi moja tu.

Safu ya mwisho ya manila ina neno "Imefanyika". Sikuiweka tangu mwanzo. Iliongezwa na monita wa darasa moja aliyesema kwamba mpango wangu unaonyesha tutakachofanya tu, kwa hiyo hakuna anayejua tuko wapi. Kila kundi linaweka alama ya vema baada ya kukutana, na kama halikukutana linaacha tupu. Sikagui. Nafasi tupu zinaonekana kutoka mlangoni, na kundi lenye tupu mbili mfululizo hujikuta linatazamwa na wenzake kabla sijasema lolote. Kuna mwaka kundi moja lilijaza vema kila mahali, nami nilijua kwa macho yangu kwamba Jumatano hawakukaa. Nikanyamaza, bado sijui kama nilifanya vyema.

Safari hii karatasi ya mwisho iliisha saa 11:00 jioni. Darasa lilikuwa limebaki na madawati na chaki chini. Nilipobandua manila ili niichane, nikaona kwamba mahali pa Biolojia, kundi la dirishani, mmoja wao alikuwa amefuta vema moja kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwa herufi ndogo: "Mwl, hapa tulikutana mara moja, si mbili. Mvua." Karatasi hiyo sikuichana.